Maneno yaleyale, sekunde ileile

Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Mei 2017, mchekeshaji wa televisheni John Oliver aliwaomba watazamaji wake Marekani waingie kwenye mfumo wa maoni wa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC. Alitaka waitetee kanuni iliyokataza kampuni za intaneti kupendelea tovuti moja na kuibana nyingine. Haukupita muda mfumo ukalemewa. Tume ikatangaza kwamba imeshambuliwa na mashine. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, Agosti 2018, ofisi ya mkaguzi mkuu wa tume hiyohiyo ikatoa ripoti iliyosema hapakuwa na shambulio lolote. Walikuwa watu tu. Walitazama kipindi, wakacheka, kisha wakafungua kompyuta zao.

Naanza na kosa hilo kwa sababu nasi tunalifanya kila siku, bila mkaguzi wa kutusahihisha. Mtu akiona maoni mia mbili yanayomkera chini ya habari moja, anaandika, "Hao ni roboti." Mwingine anajibu kwamba ni chawa waliolipwa. Ushahidi ni nini? Ni wengi, wamekuja haraka, na wanasema jambo asilolipenda.

Ajabu ya jalada lile la maoni ya FCC ni kwamba udanganyifu mkubwa nao ulikuwamo humohumo. Maoni yaliyopokelewa mwaka 2017 yalizidi milioni 22. Mei 2021, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba karibu milioni 18 kati ya hayo yalikuwa ya uongo. Milioni 8.5 yalitokana na kampeni iliyogharimiwa na kampuni kubwa za intaneti zilizotaka kanuni ifutwe. Upande wa pili, ule wa John Oliver, nao ulikuwa na uchafu wake: mwanafunzi mmoja wa chuo, kijana wa miaka 19, alituma peke yake zaidi ya maoni milioni 7.7 kwa programu ya kompyuta, akitumia majina ya kubuni. Kwa hiyo ndani ya jalada moja tunao watu halisi walioitwa mashine, na tunazo mashine zilizohesabiwa kuwa watu. Sijui mahali pazuri zaidi pa kujifunzia kazi hii.

Tuanze na maneno. Mmoja wa waliolifungua jalada lile kwa makini alikuwa Jeff Kao, mtaalamu wa data, aliyechapisha alichokiona Novemba 2017. Hatua ya kwanza ya mtu yeyote ni kutafuta maoni yanayofanana herufi kwa herufi, na hayo yalikuwa mengi mno. Lakini kufanana herufi kwa herufi hakuthibitishi hila. Jumuiya ya haki za raia huandika barua moja, ikawaomba wanachama wake waweke majina yao na kuituma. Huo ni utaratibu wa zamani na wa halali, kama waraka unaopitishwa msikitini au kanisani ili watu watie saini. Kila sahihi ni ya mtu wake, ingawa maneno ni ya mwandishi mmoja.

Kilichomshtua Kao kilikuwa kinyume chake: maoni ambayo hakuna mawili yaliyofanana kabisa, na bado yote yalikuwa yaleyale. Kila moja lilianza kwa kuihutubia tume, likaiomba au kuihimiza au kuisihi iondoe kanuni, kisha likaulaumu utawala wa Rais Obama, likamalizia kwa kusema raia wanastahili au wanafaa kuchagua huduma wanazozitaka badala ya kuamuliwa na maofisa wa Washington. Mpangilio wa mawazo haukubadilika hata mara moja. Kilichobadilika ni neno ndani ya nafasi yake, kama mfinyanzi anayetumia kalibu moja na kubadili rangi tu. Kao alikadiria kwamba maoni milioni 1.3 yalitoka kwenye kalibu hiyo.

Hesabu ya kalibu ni rahisi, na ndiyo inayoifanya ivutie wadanganyifu. Sentensi ikiwa na nafasi kumi, na kila nafasi ikiwa na visawe vinne vya kuchagua, unapata sentensi 1,048,576 tofauti. Mtu mmoja huandaa maneno arobaini tu, na kompyuta inamtengenezea umati wa zaidi ya milioni.

Kuikamata kalibu kunataka kipimo cha kufanana, na kinachotumika sana ni kile cha kukata sentensi vipande. Chukua sentensi mbili nilizozitunga mwenyewe. Ya kwanza: "Nimechoka na wanasiasa wanaopinga daraja hili, wananchi tunataka maendeleo sasa." Ya pili: "Nimechoka na wanasiasa wanaopinga daraja hili, sisi wananchi tunataka maendeleo sasa hivi." Ondoa alama za uandishi, fanya herufi zote ndogo, kisha kata kila sentensi vipande vya maneno matatu matatu vinavyopishana neno moja: "nimechoka na wanasiasa", "na wanasiasa wanaopinga", "wanasiasa wanaopinga daraja", na kuendelea. Sentensi ya kwanza ina vipande 8, ya pili 10. Vinavyopatikana kotekote ni 6. Ukivikusanya vyote bila kurudia unapata 12. Sita gawanya kwa kumi na mbili ni nusu, yaani 0.5.

Sasa weka sentensi ya tatu: "Daraja hili litatusaidia sana, wanaopinga waje wavuke kwa mtumbwi kama sisi." Msimamo ni uleule, hasira ni ileile, hata maneno kadhaa ni yaleyale. Kipande cha maneno matatu kinachopatikana kotekote hakuna hata kimoja. Sifuri. Watu wawili wasiojuana wanaweza kukubaliana kabisa juu ya daraja, lakini ni nadra mno wapange maneno sita mfululizo kwa namna moja. Ndiyo maana nusu, kwa maoni marefu kiasi hicho, ni alama kubwa, ingawa mtu akiisikia kwa haraka ataona ni ndogo.

Hapa Kiswahili kina shida yake, ambayo programu zilizotengenezwa kwa Kiingereza haziioni. Neno letu moja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitenzi. Badili "wanaopinga" kuwa "wanaolipinga" na maana haijasogea, lakini vipande vitatu vinavyoligusa neno hilo vimevunjika vyote. Mtu wa Mombasa akiandika "twataka" badala ya "tunataka", vinavunjika vingine vitatu. Kwa hiyo anayepima Kiswahili kwa vipande vya maneno atayakosa maoni mengi yaliyonakiliwa na kuguswaguswa kidogo. Dawa yake ni kukata kwa herufi, tano tano kwa mfano, ili "pinga" ibaki ikionekana hata viambishi vikibadilika. Nami sioni sababu ya gazeti au kituo cha redio cha Kiswahili kutumia kipimo cha maneno matupu kisha kutangaza kwamba hakuna kilichopatikana.

Hata hivyo kipimo hicho hakiiwezi kalibu iliyotengenezwa vizuri. Ukibadili kila neno la tatu kwa kisawe, hakibaki kipande hata kimoja kizima cha maneno matatu. Kao alilazimika kutumia njia inayoyageuza maoni kuwa namba kulingana na maana zake, kisha kuyapanga kwa ukaribu, na kundi la kalibu likajitokeza lenyewe. Asiye na zana hizo anaweza kuanza kwa macho: panga maoni kwa urefu, yasome mfululizo, utaona mifupa. Ukishaiona, hesabu visawe ndani ya kila nafasi. Watu tuna mazoea. Katika maoni mia yaliyoandikwa na watu, "serikali" itatokea mara themanini na "dola" mara chache. Kompyuta inayochagua kwa bahati nasibu haina mazoea: "serikali" itatokea kama mara ishirini na tano, "dola" vivyo hivyo, "utawala" vivyo hivyo, "watawala" vivyo hivyo. Usawa wa namna hiyo haupatikani kijiweni wala sokoni.

Kuna ushahidi mwingine wa maneno ambao mimi nauamini kuliko asilimia zote, nao ni kosa. Sentensi safi inaweza kutokea kwa watu mia. Lakini akaunti kumi na moja zikiandika "maendelo" mahali pamoja ndani ya sentensi moja, zimenakili chanzo kimoja. Vivyo hivyo nafasi mbili zilizoachwa kimakosa kati ya maneno, au namba ya mstari iliyosahaulika mwanzoni kwa sababu mtu alinakili orodha bila kuisoma. Walimu wanaosahihisha mitihani wanalijua hili: jibu sahihi linalofanana halimtishi mtu, jibu la kipuuzi linalofanana ndilo linaloita wanafunzi ofisini.

Kabla ya kupima lolote, lazima uondoe maneno ambayo jamii yenyewe imeyafanya kuwa kalibu. Chini ya tangazo la msiba, watu elfu mbili wataandika "Pumzika kwa amani", wengine "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", wengine "Bwana ametoa, Bwana ametwaa". Chini ya picha ya harusi ni "Hongereni sana" hadi mwisho. Kipimo cha kufanana kitapiga kelele hapo kama king'ora, na aliyetengenezewa zana zake ughaibuni anaweza kuandika ripoti kwamba msiba wa mzee wetu ulivamiwa. Kwa kazi zangu naweka sharti kwamba maoni yenye maneno chini ya manane hayaingii kwenye hesabu kabisa. Yanapotea mengi ya kweli na ya uongo, lakini bora hivyo.

Sasa saa. Taasisi ya utafiti ya Pew nayo ililipekua jalada la FCC mwaka 2017 na ikatoa takwimu iliyozunguka dunia: tarehe 19 Julai, saa nane mchana, dakika 57 na sekunde 15 kwa saa za Washington, yaliingia maoni 475,482 ndani ya sekunde hiyo moja. Mara tisa, zaidi ya maoni 75,000 yaliingia katika sekunde moja. Nani atasikia hivyo asiseme ni mashine?

Ni mashine kweli, lakini si lazima iwe ya uongo. Mfumo wa FCC uliziruhusu jumuiya zenye maoni mengi kuyaleta kwa mafungu. Jumuiya inaweza kukusanya sahihi za watu halisi kwa wiki nzima, ikazipakia kwa mkupuo, na mfumo ukazipa zote muda wa kupakiwa. Saa iliyoandikwa ni ya gari kufika stendi. Abiria walikata tiketi siku tofauti. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu wakati wowote ulioandikwa ni hili: hii ni saa ya nini? Sekunde ileile inathibitisha kwamba kuna aliyekusanya na kupeleka. Haisemi kama waliokusanywa wapo.

Na kuna kosa dogo zaidi linalowapata wengi. Takwimu zinazopakuliwa kutoka kwenye mitandao mara nyingi huja na saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu. Katika YouTube, kwa mfano, muda wa maoni hukaa kwenye sehemu iitwayo `publishedAt` na umeandikwa kwa UTC. Usipouongeza saa tatu, maoni yaliyoandikwa saa moja asubuhi watu wakiwa kwenye daladala yanaonekana yameandikwa saa kumi alfajiri, na mara unashangaa ni nani hawa wasiolala. Hata ukiongeza, kumbuka kuwa mwenye Kiswahili anaishi pengi. Saa tisa usiku ya Dar es Salaam ni jioni ya siku iliyotangulia huko Texas, mtu ametoka kazini na anasoma habari za nyumbani.

Kinachofaa kupimwa ni pengo kati ya maoni na maoni, kuliko saa yenyewe. Watu wasioagizana wakipita mahali, mapengo yao huwa ovyo. Tuseme maoni saba yamefuatana kwa mapengo ya sekunde 3, 140, 12, 7, 95 na 43. Wastani wake ni sekunde 50. Ukipima kwa kawaida ya takwimu jinsi mapengo hayo yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani, unapata kama 51. Gawanya mtawanyiko kwa wastani, jibu ni karibu na 1, na ndivyo inavyokuwa watu wanapokuja bila kupangana. Sasa chukua mapengo ya 58, 61, 60, 59 na 62. Wastani ni 60, mtawanyiko ni 1.4, jibu ni 0.02. Hapo kuna saa inayopiga. Aliyeiweka programu iandike kila dakika aliongeza sekunde moja mbili huku na kule ili asionekane, lakini hakuongeza za kutosha.

Jibu likizidi 1 kwa mbali, maana yake maoni yalikuja kwa vishindo na kunyamaza. Hapo ndipo FCC ilipojikwaa Mei 2017. Kishindo kina sababu nyingi zisizo na hatia: mtangazaji kataja habari hiyo redioni, umeme umerudi mtaani, mtu mwenye wafuasi wengi ameisambaza. Kishindo cha watu hupanda ghafla na kushuka taratibu, kwa kuwa wa mwisho husikia kwa kuchelewa. Kishindo cha agizo hupanda ghafla na kukatika ghafla, kwa kuwa kazi imekwisha.

Mpaka hapa nimesema "agizo", sikusema "roboti", na nimefanya makusudi. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walichunguza kampeni za Twitter zilizoandamana na mvutano wa BBI, ule mpango wa kubadili katiba ambao Mahakama Kuu ya Nairobi iliutupa Mei mwaka huo. Katika utafiti uliotolewa na shirika la Mozilla walikusanya zaidi ya machapisho 23,000 kutoka akaunti zipatazo 3,700, na kati ya walengwa walikuwamo majaji. Maneno yalirudiwa, saa zilipangwa, alama za reli zilipandishwa kwa pamoja. Nyuma yake kulikuwa na watu wenye majina, simu na kodi za nyumba za kulipa, waliopewa maelekezo kwenye makundi ya WhatsApp na kulipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Kipimo cha mapengo kisingewaona wote, kwa sababu vidole vya watu havipigi kama saa. Na aliyewaita roboti angekuwa amekosea, ingawa alihisi sawa kwamba kuna mkono uliowapanga.

Kinachowafichua watu wa namna hiyo ni kukutana mara kwa mara. Akaunti mbili kunakili sentensi moja ndani ya dakika mbili, mara moja, ni jambo la kupuuza. Zikikutana hivyo chini ya habari saba zisizohusiana, leo jaji, kesho kinywaji, keshokutwa kampuni ya mikopo, bahati haiwezi kuzibeba. Njia yake ni kuchora kila akaunti kama nukta na kuunganisha mbili kwa mstari kila zinaponakiliana ndani ya muda mfupi, halafu kufuta mistari yote iliyotokea mara moja au mbili. Mashabiki wa kweli hutawanyika. Waliopangwa hubaki wameshikana kama samaki kwenye mtungo.

Njia hiyo inahitaji takwimu nyingi, na hapa nina lawama. Mwaka 2023 Twitter ilifunga mlango wa bure ambao watafiti waliupitia, na Agosti 2024 Meta ilizima CrowdTangle, zana ambayo waandishi waliitegemea kuona nani kachapisha nini lini. Ukurasa wa kawaida humwonyesha msomaji maneno "saa 2 zilizopita" basi, na kwa saa mbili zilizopita hupimi pengo la sekunde. Kampuni hizo zina sekunde zote, zina anwani za vifaa, zina namba za simu. Sisi tumeachiwa kuhesabu makosa ya tahajia.

Na hata tukihesabu vizuri, kuna mahali maneno na saa havifiki. Vinasema kuna mpango. Havisemi nani kaulipia. Kao aliiona kalibu Novemba 2017. Iliyopata majina ni ofisi ya mwanasheria mkuu yenye mamlaka ya kisheria ya kudai nyaraka, na ilichukua hadi Mei 2021: kampuni za intaneti zilitumia dola milioni 4.2 kwenye kampeni ile, na kampuni tatu za kukusanya majina zikatozwa jumla ya dola milioni 4.4 kwa kutumia majina ya watu wasiojua lolote. Wakati huo kanuni yenyewe ilikuwa imekwishafutwa tangu tarehe 14 Desemba 2017, kwa kura 3 dhidi ya 2.

Kwa hiyo mhariri akiniuliza kama maoni chini ya habari yake ni ya roboti, sentensi ninayoweza kumpa aichape ni kama hii: akaunti 31 ziliandika sentensi yenye mifupa ileile, 11 kati yake zikiwa na kosa lilelile, ndani ya dakika 40, na 26 kati ya hizo zilikwishafanya hivyo chini ya habari nyingine tano mwezi huu. Majina yao siyaandiki, maana wengine huenda ni vijana wa dola 10. Wahariri hawaipendi sentensi hiyo. Ni ndefu, na neno "roboti" halimo.